Wiki tatu za uzito mtupu: jinsi tulivyofikia mkataba wa data

Ijumaa moja asubuhi, mwishoni mwa Mei, nahodha mmoja wa Kizingitini aliingia ofisini kwetu Amu na risiti tatu. Alikuwa amezifunga ndani ya mfuko wa plastiki zisiingie maji ya chumvi. Alizitandaza mezani moja baada ya nyingine, akaweka simu yake kando yake, akaniambia, "Mwanangu, nisomee hizi, kisha unisomee na simu."

Risiti ya Jumamosi ilikuwa ya pweza, kilo 18.4 kwa shilingi 250 kilo. Ya Jumatatu ilikuwa ya changu, kilo 11.2 kwa shilingi 300. Ya Jumanne ilikuwa pweza tena, kilo 6 kamili. Jumla yake ni shilingi 9,460. Ujumbe wa M-Pesa wa Alhamisi jioni ulisema 3,360.

"Nilidhani mumenikata deni la mashine," alisema. "Lakini deni la mashine nililimaliza kabla ya Ramadhani."

Nilifungua kumbukumbu zake kwenye hesabu za malipo. Mapokezi yote matatu yalikuwapo, na tarehe zake na aina za samaki zake. Uzito wa changu ulikuwa 11.2. Uzito wa pweza, mara zote mbili, ulikuwa 0. Mikono ilinitetemeka, kwa sababu sifuri ile nilijua imetoka wapi. Niliiandika mimi mwenyewe.

Nieleze kidogo kazi yenyewe. Tunanunua samaki kwa wavuvi katika vituo vitano, kuanzia Shela hadi Kizingitini, na kuwalipa kila Alhamisi ili Ijumaa iwakute na fedha mkononi. Kwenye kila kituo kuna mizani na tableti, na programu ya tableti inaandika kila mapokezi kwenye hifadhidata ya Postgres. Programu hiyo na hifadhidata hiyo si zangu. Ni za timu ya watu watatu waliopo Malindi. Changu mimi ni usawazishaji: kila usiku saa nane skripti yangu inasoma jedwali lao la `mapokezi`, inachukua mistari iliyobadilika tangu jana, na kuileta kwenye hifadhidata ya malipo. Malipo ya Alhamisi yanatoka huko.

Miezi mitano kabla ya asubuhi ile, usawazishaji uliwahi kuvunjika. Timu ya Malindi ilibadilisha jina la safu moja ya jedwali la wavuvi, kutoka `simu` kuwa `namba_simu`, nami nikaamka na kukuta huu:

```
ERROR:  column "simu" does not exist
```

Siku ile nilikasirika, kwani ilikuwa Alhamisi na watu walisubiri. Nilirekebisha jina, nikawalipa wavuvi saa tatu usiku, kisha nikafanya kosa ambalo leo ndilo ninaloliona kubwa kuliko yote katika habari hii. Badala ya kuwauliza wenzangu wa Malindi kwa nini sikuambiwa, niliibadilisha skripti isivunjike tena. Niliiambia isome safu zote kwa `SELECT *`, ikikosa safu iendelee bila hiyo, na mahali pasipo na thamani iweke sifuri. Kwenye uzito niliandika `COALESCE(uzito, 0)`. Nilijiona nimeimarisha kazi. Kumbe nilikuwa nimeinyamazisha kengele pekee niliyokuwa nayo. Ule ujumbe wa kosa, pamoja na usumbufu wake, ulikuwa rafiki: ulisimamisha malipo kabla hayajaharibika.

Nahodha akiwa bado ameketi na chai yake, niliandika swali moja kwenye hifadhidata ya Malindi. Tableti zinaandika toleo la programu kwenye kila mstari, kwa hiyo nilitaka kujua kila toleo lina mapokezi mangapi, na mangapi kati yake yana uzito:

```sql
SELECT toleo_programu,
       count(*)     AS yote,
       count(uzito) AS yenye_uzito
FROM mapokezi
WHERE imepokelewa >= now() - interval '28 days'
GROUP BY toleo_programu;
```

`count(*)` inahesabu mistari yote, na `count(uzito)` inahesabu ile tu ambayo uzito wake si `NULL`. Toleo la 3.1 lilikuwa na mapokezi 402, na yote 402 yana uzito. Toleo la 4.0 lilikuwa na mapokezi 187, yenye uzito 0. Kizingitini kuna tableti mbili. Moja ilikuwa imepata toleo jipya, nyingine bado. Pweza wa nahodha walipita kwenye tableti mpya, changu wake wakapita kwenye ile ya zamani.

Nikazitazama safu za jedwali na kuona iliyo ngeni: `uzito_g`. Ndani yake kulikuwa na 18400 na 6000. Uzito wa pweza haukupotea hata gramu moja. Ulikuwa umehamia chumba cha pili, nami naendelea kubisha hodi kwenye chumba kitupu.

Timu ya Malindi ilikuwa na sababu nzuri. Mizani mpya zinatuma uzito kwa gramu, namba kamili isiyo na desimali, na kuihifadhi kama ilivyo kunaondoa ubishi wa kukadiria. Waliongeza safu ya `uzito_g`, na ile ya `uzito` wakaiacha mahali pake ili, kama walivyoniambia baadaye, wasimvunjie mtu kitu. Safu iliyobaki bila kuandikwa ndiyo iliyotuumiza. Wangeifuta, hata skripti yangu ile iliyonyamazishwa ingeweka sifuri kwenye vituo vyote, malipo ya wiki yangekuwa sifuri tupu, na mtu yeyote angeliona kabla ya kubofya kitufe. Lakini tableti zinapata toleo jipya moja moja, zinapoletwa ofisini kwenye mtandao mzuri, kwa hiyo upungufu uliingia polepole. Wiki ya kwanza ulikuwa mdogo, kisha ukaongezeka kila wiki, mpaka karibu theluthi ya mapokezi ya siku zile 28 yakawa hayana uzito.

Na ilikuwa Mei. Kusi imeshaanza kukaza, bahari imechafuka, madau madogo hayavuki mlango wa bahari kila siku. Kila mtu Lamu anajua kuwa samaki hupungua wakati huu. Meneja aliutazama mchoro wa wiki ukishuka, akasema kusi ya mwaka huu imeanza mapema. Nilikubaliana naye. Wavuvi nao, kwa sababu ujumbe wa malipo unaonyesha jumla moja baada ya makato ya barafu na mikopo, wengi walidhani wamekatwa. Hili liliniuma kuliko fedha zenyewe: watu 41 walipunjwa, na karibu wote walinyamaza kwa kutuamini.

Tulirudia hesabu za wiki zote tatu kwa kutumia `uzito_g`. Tulikuwa tunadaiwa shilingi 214,000 na ushee. Zililipwa zote siku ya Jumatatu, lakini niliomba niende mwenyewe kwa mashua hadi Faza na Kizingitini kueleza, kwa sababu fedha inayoingia kwenye simu bila maelezo nayo huzua maneno. Nilikaa bandani na wazee, nikawaonyesha risiti na hesabu. Mmoja aliniuliza kwa upole, "Na wiki ijayo mutajuaje?" Sikuwa na jibu.

Jumatano nilivuka Mokowe alfajiri, nikapanda basi la Malindi. Njia nzima, Witu mpaka Garsen, nilikuwa nikipanga maneno makali. Nilikuwa na karatasi niliyoandika safu 27 ambazo nilitaka zisiguswe bila ruhusa yangu.

Ofisi yao iko ghorofani kwenye Barabara ya Lamu. Kiongozi wa timu alinikaribisha, akanisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, kisha akaniuliza swali ambalo sikulitarajia: "Samahani dada, wewe unasoma jedwali letu tangu lini?"

Miaka miwili. Nenosiri nilipewa na mtayarishaji programu aliyeondoka zamani, naye hakuliandika popote. Katika watatu waliokuwa mle chumbani, hakuna aliyejua kwamba kuna skripti inayoingia kila usiku saa nane. Walijua kuwa malipo yanafanyika Lamu, lakini walidhani tunapakua ripoti ya Jumatano kutoka kwenye programu yao, na ile ripoti waliirekebisha vizuri kabisa isome gramu. Hasira yangu iliisha pale pale. Nilikuwa nikiwadai taarifa watu ambao hawakujua kuwa nipo.

Kwa hiyo nikimshauri mtu aliye mahali nilipokuwa, nitamwambia aanze na hili kabla ya kuandika mkataba wowote wa data, yaani ahadi ya maandishi kati ya wenye jedwali na wanaolisoma: nenda kwa wenye chanzo, uwaambie unasoma nini, saa ngapi, kwa kutumia jina gani la mtumiaji, na kitu gani kinaharibika ukikosea. Wapelekee mfano wa hasara. Mimi nilizitoa zile risiti tatu, kwa idhini ya mwenyewe, nikaziweka mezani kwao kama zilivyowekwa kwangu. Zilifanya kazi kubwa kuliko karatasi yangu ya safu 27.

Karatasi ile waliikataa, na walikuwa na haki. Kiongozi alisema kama kila safu ya jedwali inahitaji ruhusa ya Lamu, basi programu haitasonga tena. Akaniomba nimwonyeshe ni safu zipi hasa zinazoingia kwenye hesabu ya malipo. Tukaisoma skripti yangu pamoja, mstari kwa mstari. Zilikuwa 9. Nyingine 18 nilikuwa nazichukua kwa sababu tu `SELECT *` inachukua kila kitu. Unapoomba ahadi juu ya safu 9 unapata ahadi ya kweli; unapoomba 27 unapata watu wanaotikisa kichwa na kusahau.

Kisha akapendekeza jambo ambalo mimi nisingelifikiria. Jedwali la `mapokezi` libaki lao, walipange wanavyotaka. Kando yake wataunda `VIEW`, yaani dirisha la kusomea ambalo halihifadhi data yoyote, linaonyesha tu kile kilichomo kwenye jedwali kwa umbo tulilokubaliana. Ahadi iwe juu ya dirisha, si juu ya jedwali. Waliliandika siku ile ile:

```sql
CREATE VIEW mkataba.mapokezi_v1 AS
SELECT id, mvuvi_id, kituo, aina,
       COALESCE(uzito_g / 1000.0, uzito) AS uzito_kg,
       bei_kilo, imepokelewa, imebadilishwa, imefutwa
FROM public.mapokezi;
```

Tazama safu ya `uzito_kg`. Mstari ukiwa na gramu, zinagawanywa kwa elfu. Ukiwa wa tableti ya zamani, zinachukuliwa kilo zake. Ukikosa vyote viwili, unabaki `NULL`, haugeuki kuwa sifuri. Na kipimo kimo ndani ya jina. Ingekuwa juu yangu, safu yoyote yenye kipimo ingebeba kipimo chake kwenye jina, maana `uzito` mtupu humwachia kila msomaji akisie.

Haki za mtumiaji wangu kwenye jedwali zilifutwa, nikapewa haki ya kusoma dirisha tu. Kwa kawaida Postgres inalisoma jedwali la chini kwa haki za mwenye dirisha, hivyo msomaji hahitaji kuligusa jedwali lenyewe. Hilo lilitupa faida kubwa: nisingeweza tena kuchungulia safu isiyo kwenye mkataba kwa siri, kisha nikalalamika inapobadilika.

Dirisha linalinda mambo kadhaa lenyewe. Wakibadilisha jina la safu kwenye jedwali, dirisha linaendelea kutoa jina lile lile la zamani, kwa sababu ndani yake Postgres haikumbuki jina, inakumbuka safu yenyewe. Wakijaribu kubadilisha aina ya safu ambayo dirisha linaitumia, hifadhidata inakataa. Wakijaribu kuifuta, inakataa pia:

```
ERROR:  cannot drop column uzito of table mapokezi because other objects depend on it
DETAIL:  view mkataba.mapokezi_v1 depends on column uzito of table mapokezi
HINT:  Use DROP ... CASCADE to drop the dependent objects too.
```

Ule mstari wa mwisho una hatari yake. Mtu mwenye haraka anausoma, anaandika `CASCADE`, na dirisha linafutika pamoja na safu. Tuliandika kwenye mkataba kwamba ujumbe huu ukionekana, kazi inasimama na mtu anapiga simu Lamu. Hata hivyo, dirisha likifutwa skripti yangu inavunjika kwa kelele, na kelele ninaitaka.

Lakini dirisha lisingezuia lililotupata Mei. Safu iliyopo, yenye jina sahihi na aina sahihi, ikiacha kuandikwa, hifadhidata haioni kosa lolote. Vivyo hivyo kama mtu angeingiza gramu kwenye safu ya kilo. Hapo umbo halitoshi, ni lazima maana iandikwe na ipimwe. Kwa hiyo tukaandika faili fupi, ikakaa kwenye hazina ya msimbo wa programu ya timu ya Malindi, si kwangu. Sehemu yake ni hii:

```yaml
dirisha: mkataba.mapokezi_v1
mwenye: timu-ya-mizani
wasomaji: [malipo-lamu]
notisi_siku: 14
safu:
  uzito_kg: {aina: numeric, tupu: hapana, chini: 0.05, juu: 400}
  bei_kilo: {aina: numeric, tupu: hapana, chini: 1, juu: 10000}
```

Nilisisitiza faili likae kwao kwa sababu mtu anayebadilisha jedwali anafanya kazi mle. Mkataba uliolala kwenye barua pepe yangu hausomwi na kijana anayeandika mabadiliko Jumanne jioni. Kwenye GitHub kuna faili liitwalo `CODEOWNERS`, linalotaja nani lazima aidhinishe faili gani, ukiwasha sharti hilo kwenye tawi kuu. Waliniweka pale kwa faili la mkataba pekee. Nao waliongeza ukaguzi mmoja: kila mabadiliko yanapoletwa, hifadhidata tupu inajengwa kwa hatua zao zote, kisha safu na aina zake zinasomwa kutoka `information_schema.columns` na kulinganishwa na faili. Zikitofautiana, mabadiliko hayaingii mpaka faili lirekebishwe, na faili halirekebishwi bila mimi kujua. Hivyo taarifa haitegemei mtu kukumbuka kunipigia.

Tulibishana zaidi juu ya siku za notisi. Mimi nilitaka 30. Wao walisema 3. Tulitoka pale tulipoacha kutaja namba na kuanza kuhesabu Alhamisi. Malipo ni ya kila wiki. Siku 14 zinanipa mizunguko miwili: wa kwanza nafanya hesabu ya majaribio kwa umbo jipya huku nalipa kwa la zamani na kulinganisha, wa pili nabaki nao kama nimekuta tatizo. Siku 3 zinaweza kupita bila Alhamisi hata moja ndani yake. Siku 30 hazinipi kitu ambacho 14 hazinipi. Ukiwa na kazi ya kila siku huenda siku 4 zikakutosha. Ukiwa na ripoti ya mwezi, 14 hazitoshi. Hesabu mizunguko yako.

Notisi hiyo ni ya kufuta safu, kubadilisha jina, aina, kipimo au maana. Kuongeza safu mpya kwenye jedwali lao hakuhitaji notisi yoyote. Jambo la dharura, kama vile tundu la usalama, linaruhusiwa bila kusubiri, lakini kwa simu, si kwa ujumbe kwenye kikundi. Na kila umbo jipya linafunguliwa kwa namba mpya, `v2` kando ya `v1`, yote mawili yakisomeka kwa siku 30 kabla la zamani kufungwa.

Wao nao walinidai. Nijibu notisi ndani ya siku 3 za kazi, na nikinyamaza wahesabu nimekubali. Nisisome wakati wa mapokezi ya asubuhi, kati ya saa kumi na mbili na saa nne, tableti zinapoandika kwa wingi. Na nikiacha kutumia safu, niseme, ili waachiliwe. Nilitia sahihi yote. Mkataba unaombana upande mmoja tu ungevunjwa mwezi wa kwanza.

Upande wangu niliitoa `COALESCE(uzito, 0)`, nikaandika majina ya safu zote 9 badala ya nyota, na kuweka ukaguzi wa Jumatano usiku kabla ya hesabu. Mstari wowote usiofutwa wenye `uzito_kg` tupu au nje ya mipaka unasimamisha hesabu nzima. Meneja hakupenda. Aliona bora kuwalipa walio sawa na kuwaacha wenye tatizo. Nilimweleza kwamba tukifanya hivyo, tutarudi kwenye upungufu wa polepole usioonekana, na kwamba hesabu inasimama Jumatano usiku kusudi Alhamisi asubuhi nzima iwe yetu ya kutafuta chanzo. Alikubali kwa sharti kwamba simu ya kwanza ya kuamshwa iwe yangu. Imesimama mara mbili tangu hapo, mara zote kwa mtu aliyeandika 1100 badala ya 11.00 kwenye tableti wakati mizani haikuunganika.

Notisi ya kweli ya kwanza ilikuja Septemba. Bei ya kamba na pweza ingeanza kwenda kwa daraja, kwa hiyo `bei_kilo` ingeondolewa kwenye `mapokezi`, na bei zote zihamie jedwali jipya la `bei`. Pendekezo lao lilikuwa dirisha liunganishe majedwali mawili na kutoa bei ya sasa ya daraja lile. Jina la safu lisingebadilika, aina isingebadilika, kipimo kile kile. Kwa macho ya faili, hakuna kilichoguswa. Waliandika notisi kwa sababu neno "maana" lilikuwamo kwenye orodha yetu.

Niliisoma mara mbili, kisha nikachukua karatasi. Mvuvi anapima kamba Ijumaa, daraja la kwanza, kilo 3, bei siku hiyo shilingi 1,200. Jumatatu bei inashuka hadi 1,000. Dirisha linalosoma bei ya sasa litasema, kwa samaki wale wale wa Ijumaa, shilingi 3,000 badala ya 3,600, na risiti aliyonayo mfukoni inasema 3,600. Tena mstari wa `mapokezi` wenyewe haukuguswa, kwa hiyo `imebadilishwa` inabaki ya Ijumaa, na skripti yangu inayochukua tu mistari iliyobadilika tangu jana haitauona. Kwangu ingebaki 3,600, kwao ingekuwa 3,000, na siku nitakayolazimika kusoma upya kila kitu, hesabu za nyuma zingegeuka zote.

Niliwapigia siku ya pili. Kiongozi alikaa kimya kidogo, akasema, "Hilo hatukuliona." Walibadilisha mpango: bei inasomwa kutoka jedwali la `bei` wakati wa kupima, na kunakiliwa kwenye mstari wa mapokezi pamoja na daraja, ibaki hapo daima. `mapokezi_v2` ikafunguliwa na safu ya kumi, `daraja`. Alhamisi ya kwanza nililinganisha hesabu za `v1` na `v2` kwa vituo vyote vitano na zikawiana mpaka senti. Alhamisi ya pili nikalipa kwa `v2`.

`v1` ilifungwa baada ya siku 30 kama ilivyoandikwa, nami nikawaomba waondoe na haki zangu juu yake. Sasa tunajadili `imepokelewa`. Imewekwa kama `timestamp` isiyo na majira ya saa, tableti zinaandika saa ya Kenya, na wao wanataka kuhamia UTC, ambayo iko nyuma yetu kwa saa tatu. Mapokezi ya wavuvi wa usiku, yale ya kati ya saa sita na saa tisa za usiku, yangerudi siku moja nyuma, na ya usiku wa kuamkia Alhamisi yangehama wiki ya malipo. Notisi ina siku sita sasa. Jibu langu limeshafika Malindi, pamoja na orodha ya mapokezi 23 ya mwezi uliopita ambayo yangeguswa.